Maswali na majibu: barua pepe ya kuomba mwezi wa majaribio

Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Tabora. Nimewaandikia barua pepe wasimamizi wa majengo kadhaa, nikaambatanisha wasifu wa kampuni, kimya. Nakosea wapi? (Msomaji, Isevya)

Wasifu wa kurasa nyingi hausomwi kwenye simu, na msimamizi wako anasoma kwenye simu. Tena barua moja ukiituma kwa watu kumi, kila mmoja anajua si yake. Nenda kwanza ukalitazame jengo, zungumza na mlinzi, hesabu vyumba. Kisha andika kitu kama hiki:

*Kichwa: Usafi wa majaribio, Septemba, ofisi 12 na vyoo 4*

*Ndugu Msimamizi, Jumanne nilipita kwenye jengo lenu. Luva za upande wa barabarani zina vumbi zito, na ngazi zilikuwa zinafagiliwa huku wapangaji wakipanda. Tunaomba kusafisha kwa mwezi mmoja, tarehe 1 hadi 30 Septemba: ofisi 12, vyoo 4, korido na ngazi. Wafanyakazi wetu wawili wataanza saa 12 asubuhi na kumaliza mzunguko wa kwanza kabla ya saa 2. Vyoo vitarudiwa saa 7 mchana, na luva zitafutwa kila Jumamosi. Gharama ni shilingi 850,000. Tarehe 25 tutakagua jengo pamoja, nanyi mtaamua kama tuendelee. Je, naweza kuja Alhamisi au Ijumaa asubuhi tuzungumze?*

Basi. Ahadi ya saa 2 isiwe ya kubahatisha, maana ndiyo atakayokushikia. Watu wawili kwa saa mbili wana dakika 240. Ofisi 12 kwa dakika 12 kila moja ni 144, vyoo 4 kwa dakika 15 ni 60, zinabaki 36 za korido na ngazi. Inatosha, lakini kwa shida. Ofisi zikiwa 16 ongeza mtu, au anza mapema zaidi.

Rafiki zangu wananishauri mwezi huo niufanye bure ili nimpate mteja. Ni sawa? (Msomaji, Kanyenye)

Hapana, dada. Anayepewa bure mwezi huu, mwezi ujao bei yako ataiona kubwa hata ikiwa ya haki. Tazama hesabu ya jengo hilohilo. Tuseme mishahara ya wawili ni 500,000. Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ni 50,000, na wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nusu asilimia, ni 2,500. Sabuni, dawa, madekio na mifuko ya taka tuseme 120,000. Umefika 672,500 kabla ya nauli, usimamizi na faida.

Halafu jengo likisimamiwa na kampuni, kwenye ankara ya 850,000 watakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 42,500, mkononi ubaki na 807,500. Dai hati ya makato hayo, kwa sababu yanahesabika kwenye kodi yako ya mapato. Ukitaka kumvutia, mpe kazi ya ziada ya siku moja, kama kuosha luva zote kwa maji siku ya kwanza. Bei iache.

Mwezi wa majaribio uliisha, tukaendelea kusafisha. Sasa msimamizi anasema hakuagiza mwezi wa pili. Tufanyeje? (Msomaji, Kitete)

Malipo ya mwezi huo wa pili yaombeni kwa upole. Hamna karatasi ya kusimamia. Ndiyo maana barua yangu hapo juu ina tarehe 25. Siku hiyo mpitie jengo yeye na wewe, chumba kwa chumba. Pitisha kidole juu ya fremu ya mlango na nyuma ya bomba la choo, yeye akiona. Jioni hiyohiyo mtumie barua pepe: mliyokubaliana kurekebisha, na sentensi moja kwamba bila jibu la maandishi kufikia tarehe 29, wafanyakazi wako watatoka tarehe 30. Kisha watoe kweli. Wapangaji wakikuta vyoo vichafu Jumatatu, simu itapigwa.

Dawa na maji ni vya nani? (Msomaji, Cheyo)

Maji na umeme vya jengo, dawa na vifaa vyako, iandikwe hivyo. Uliza na sakafu ni ya nini. Dawa ya choo yenye asidi ikimwagika kwenye terazo inaila, doa halitoki, na fidia utalipa wewe. Na wafanyakazi wasiichanganye na jiki kamwe: hutoka gesi ya klorini, na chooni hakuna hewa.

Naweza kutuma barua hiyohiyo kwa ofisi za halmashauri? (Msomaji, Ipuli)

Kutuma unaweza, kazi hutapata kwa njia hiyo. Taasisi za umma hununua huduma kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Jisajili humo, usubiri zabuni itangazwe.