Namba ya picha si namba ya swali

Wadogo zangu mnaoanza kujifua kwa mitihani ya mchujo, picha za kurasa zikiingia kwenye simu, msikimbilie kujibu.

Mara ya kwanza kikundi chetu cha Mwanjelwa kilipokaa kumaliza kitabu kizima cha mazoezi, mwenzetu wa Uyole alitupigia picha kurasa 22 akazituma kwa WhatsApp. Mimi nikajibu kwa kufuata zilivyojipanga kwenye simu. Kumbe ukurasa wa 9 aliupiga mara mbili! Kuanzia hapo kila jibu langu likakaa kwenye ukurasa usio wake, na nilistuka tu nilipoona nimeandika D kwenye swali lenye machaguo matatu: Kweli, Si kweli, Haijulikani.

Jina la faili nalo lisikudanganye. Ukiona hili:

```
IMG-20240312-WA0013.jpg
```

hiyo 0013 ni zamu ya faili siku ile, haina habari na ukurasa wa 13. Namba ya kuaminika ni ile iliyochapishwa chini ya karatasi. Siku hizi naandika 1 hadi 22 pembeni ya daftari, nafungua picha moja moja nikiweka vema. Ukurasa uliokosekana, au uliokatwa chini, naudai hapo hapo kabla mpigapicha hajarudisha kitabu.

Majibu nayaandika hivi: H-10-3: B. Yaani sehemu ya hesabu, ukurasa wa 10, swali la 3. Herufi ya mbele ni ya lazima, maana kila sehemu ilianza upya na swali la 1, na tulikuwa na "swali la 3" tatu.

Penye kuumiza zaidi ni jedwali lililo kwenye picha moja na maswali yake kwenye nyingine. Tulikuwa na jedwali la magunia ya kahawa: mwaka wa kwanza 2,400, wa pili 3,100. Swali la ukurasa wa 9 lilitaka ongezeko kwa asilimia nzima, jibu 29. La ukurasa wa 10 likauliza mwaka wa tatu yatakuwa mangapi asilimia ya ongezeko ikibaki ile ile. Mwenzangu, aliyekwisha kulifunga jedwali, alichukua ile 29 akapata 3,999, na kwenye machaguo ipo! Mimi nilikuwa nimebakiza kwenye daftari 700/2,400 bila kukadiria, nikapata 4,004, ndilo jibu. Kwa hiyo kando ya H-9 andika 700/2,400 yenyewe, si asilimia uliyoikata. Kukadiria kuwe kwenye jibu la mwisho tu.

Na kwenye habari za kusoma, ukiandika Haijulikani tia alama ya kuuliza kwanza. Mara mbili nimekuta aya iliyobaki iko juu ya ukurasa unaofuata, na jibu likawa Kweli.