Kabla hujanuna kwa sababu ya wastani wa tathmini

Wahadhiri wapya mmeanza tena. Matokeo ya tathmini ambayo wanafunzi wanatufanyia yanatoka asubuhi, kufika mchana mtu hasemeshwi kwa sababu wastani wake umeshuka kutoka 3.6 hadi 3.3 kati ya 5. Jamani, tulieni kwanza.

1. Angalia waliojaza ni wangapi. Darasa la wanafunzi 120 likirudisha fomu 20, umemsikia mmoja kati ya kila sita. Na katika fomu hizo 20, watatu tu waliotoa 1 wangetoa 3, ile 3.3 ingekuwa 3.6. Huo ndio mporomoko unaokunyima usingizi.

2. Fungua mgawanyo wa alama. Hapa ndipo nilipoumia mimi, kwenye kozi ya takwimu. 3.3 yangu ilikuwa hivi: tisa walinipa 5, wawili 4, wanne 2 na watano 1. Aliyenipa 3 hakuwepo! Mimi nikajiona mwalimu wa wastani, nikasoma maoni ya "anakwenda mbio", nikapunguza mwendo kwa darasa zima. Muhula uliofuata nikakata mada mbili za mwisho na kurudia kila mfano. Wapo walioandika tena "anakwenda mbio", wengine sasa wakaandika "anatupotezea muda", na mwenzangu wa kozi inayofuata akaja kuniuliza regresheni imeenda wapi. Aibu niliyoipata siisemi. Ndipo nikawauliza wanafunzi kitu ambacho ningeuliza mapema: mbio wapi hasa? Kumbe waliopotea walitoka programu ambayo haikuwafundisha uwezekano, na mimi niliutumia tangu wiki ya kwanza kana kwamba kila mtu anaujua. Hata ningekwenda kama kobe wasingenifikia. Walihitaji semina chache za ziada, wao tu, na mada zangu mbili zingebaki mahali pake.

Mwanafunzi akisema amepotea, mwamini. Akikuambia sababu, ichunguze kwanza.

3. Panga maoni kwa jambo linalotajwa, uhesabu waliolitaja. La mtu mmoja kuhusu shati lako, achana nalo, hata kama ndilo unalolikumbuka usiku.

4. Alama hizi si kipimo cha walichojifunza. Mwaka 2015 mtafiti MacNell na wenzake walichapisha jaribio la kozi ya mtandaoni: mwalimu yuleyule alipata alama za chini zaidi wanafunzi walipodhani ni mwanamke. Mkuu wa idara akikulinganisha na mwenzako kwa tofauti ya 0.2, mkumbushe kwa heshima.

5. Usingoje mwisho wa muhula. Wiki ya tano gawa karatasi zisizo na majina, uulize: ulipotea wapi mara ya mwisho? Na kabla ya hapo, kipi cha mwisho ulikielewa? Kipindi kinachofuata waambie utakachobadilisha, na usichobadilisha pamoja na sababu yake. Wakinyamaza wote ukumbini, zisome karatasi upya.