Madini ya risasi 12 kwenye damu ya mtoto

"Mwanangu ana miaka 2, tunaishi jirani na wanaoyeyusha betri za magari. Kipimo cha kidole kimeonyesha risasi 12. Aanze dawa?"

Dada, dawa bado. Rudieni kwanza kwa damu ya mshipani, maana vumbi kidogo kidoleni hupandisha namba. Ikithibitika, imevuka mikrogramu 5 kwa desilita, ambapo Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kukomeshwa. Hapo kwenu nashuku vumbi la betri: pigeni deki badala ya kufagia, mnawisheni mikono kabla ya kula. Daktari aangalie pia upungufu wa madini ya chuma, kwa sababu huongeza ufyonzwaji wa risasi. Dawa za kuitoa hupendekezwa kuanzia 45. Akipata degedege, akitapika mfululizo au akilegea, mkimbizeni hospitali bila kungoja majibu.