Nailoni, matairi au udongo: kipi kinafunga shimo la saileji?

Swali: Mtaalamu, shimo langu la saileji ya mahindi lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Msimu uliopita nilifunika kwa nailoni, nikaweka matairi 10 makuukuu juu yake, lakini saileji ikaota ukungu juu na pembeni. Jirani anasema niachane na nailoni, nimwage udongo tu. Nifuate lipi? – Mfugaji, Ol Kalou

Jibu: Nailoni usiiache. Ndiyo inayozuia hewa; udongo au matairi kazi yake ni kuikandamiza ilale juu ya majani bila mwanya. Udongo mtupu hupasuka ukikauka, na mvua ikinyesha maji hupenya na tope lenye vijidudu vinavyoifanya saileji inuke hadi ng'ombe aikatae.

Kilichokuangusha ni uzito. Tairi la gari dogo lina kilo 8 hivi, na hukaa kwenye eneo la kama sentimita 60 kwa 60. Shimo lako lingehitaji matairi 22 hivi ili yagusane, na hata hapo kila mita ya mraba ingebeba kilo 20 na ushei tu. Kwa matairi 10, nailoni ilibaki ikipeperuka katikati yake, na kila ikiinuka huvuta hewa. Hewa ikiingia, hamira za porini hula ile asidi inayohifadhi malisho, saileji hupata joto, kisha ukungu hufuata.

Udongo wa kina cha sentimita 15 hukandamiza kwa kilo zipatazo 200 kwa kila mita ya mraba, tena hadi kwenye pembe, na huikinga nailoni na jua. Kwako ni kama toroli 20, na udongo wenyewe unao, ule uliochimba.

Pembeni ndiko hewa hupitia zaidi. Tandika nailoni nzito, geji 1000, kwenye kuta kabla ya kujaza, uache ncha ndefu nje. Shindilia majani mpaka yatokeze juu ya ukingo kama mgongo, ili maji ya mvua yateremke. Kunja ncha juu yake, weka kipande kingine kinachovuka kingo zote, ndipo umwage udongo usio na mawe. Chimba na mfereji kuzunguka shimo.

Wiki za mwanzo saileji hutitia na udongo hupata nyufa. Pita kila baada ya siku chache uzizibe.

Matairi yana nafuu wakati wa kulisha tu, kwa kuwa huondolewa upesi. Lakini tairi lililochakaa hudondosha nyaya, na ng'ombe akimeza waya unaweza kumtoboa tumbo hadi moyo. Mimi ningetumia magunia ya mchanga. Fungua upande mmoja, ondoa udongo wa kipande cha siku hiyo tu, kata kutoka juu hadi chini, kisha rudisha nailoni na upange magunia yakigusana. Ukitia mkono kwenye uso uliokatwa ukakuta joto, hewa inaingia; kata kipande kinene zaidi kila siku.