Picha imekatika vizuri kwenye simu, kwa fundi inafika na weusi

Swali: Kaka, nauza vikapu vya ukindu hapa Morogoro. Nataka kuondoa ukuta ulio nyuma ya kikapu kwenye picha ili fundi wa mabango akiweke juu ya rangi anayoitaka. Nimejaribu programu ya bure kwenye simu, nikaona imekubali, ila nikimtumia kwa WhatsApp anasema nyuma kuna weusi. Halafu mkono wa kikapu unaliwa. Natumia Android na kazi hii sijawahi kuifanya. Nifanyeje?

Jibu: Dada, una matatizo mawili na kila moja lina chanzo chake. Weusi unatokea wakati wa kutuma, kwa hiyo huenda ulikata vizuri tu. Mkono unaliwa kwa sababu rangi ya ukindu na rangi ya ukuta zimekaribiana. Nianze na hilo la mkono, maana dawa yake inaanzia kwenye kupiga picha.

Nitatumia programu ya Background Eraser ya handyCloset, ipo Play Store na ni ya bure. Ina matangazo, uyavumilie. Nimeichagua kwa sababu inakuachia wewe uamue nini kifutwe, na kwenye kitu chenye matundu kama kikapu, hilo ndilo unalolihitaji.

Sehemu yake ya Auto inafanya kazi hivi: ukigusa mahali fulani kwenye picha, inasoma rangi ya hapo, kisha inafuta rangi zote zinazofanana nayo zilizoungana na pale ulipogusa. Haijui kikapu ni kipi wala ukuta ni upi. Ukindu ambao haujatiwa rangi ni wa manjano iliyopauka, na kuta nyingi zimepakwa krimu. Ukigusa ukuta, programu inatembea hadi kwenye ukingo wa kikapu, inakuta rangi ileile na kuendelea kula. Kwa hiyo rudia picha. Tandika shuka la rangi moja iliyo mbali na ukindu, bluu iliyokolea kwa mfano, lisiwe na maua wala maandishi. Khanga haifai hapa. Kiweke kikapu mbele kidogo ya shuka, kisigusane nalo kwa nyuma, na upige kwenye kivuli cha baraza. Jua kali linatupa kivuli cheusi chini ya kikapu, na programu inakihesabu kivuli hicho kuwa rangi nyingine kabisa.

Ukishapata picha, fungua programu, gusa "Load a photo" na uichague. Kwanza itakutaka upunguze kingo. Sogeza kingo zikaribie kikapu, ila acha nafasi kidogo kila upande, kisha gusa "Done". Hatua hii wengi wanairuka, halafu fundi anapokea kikapu kidogo katikati ya eneo kubwa tupu na anahangaika kukipanga.

Sasa chagua "Auto" na uguse shuka. Sehemu kubwa itaondoka mara moja, na mahali pake utaona vimraba kama vya bao la drafti. Vimraba hivyo ni alama tu ya kuonyesha kwamba hapo hakuna kitu, havitachapwa. Kuna kitelezi cha "Threshold". Ukikipeleka juu, programu inakubali rangi nyingi zaidi kuwa zinafanana. Ukikishusha, inakuwa na uchaguzi mkali. Ukiona kikapu kimeanza kutoboka, rudisha hatua nyuma kwa kile kishale cha kutengua, shusha kitelezi, kisha gusa tena. Mimi huanza chini na kugusa mara nyingi. Kufuta kidogokidogo ni rahisi kuliko kurudisha kilichofutika.

Angalia ndani ya duara la mkono. Bado kuna shuka pale, kwa sababu mkono umeizingira sehemu hiyo na haijaungana na shuka la nje. Igusie peke yake. Fanya hivyo hivyo kwa matundu ya msuko yanayoonyesha bluu, lakini yale madogo sana yaache, hakuna atakayeyaona kwenye bango.

Mabaki ya pembeni yafute kwa "Manual", ambayo ni kifutio cha kawaida kinachofuata kidole. Kuza picha kwanza kwa "Zoom". Kidole kinaziba kile unachokifuta, na ndiyo maana kuna "Cursor Offset": ukiiongeza, alama ya kufutia inakaa juu ya kidole badala ya chini yake, nawe unaona ukingo wenyewe. Ukila mkono kwa bahati mbaya, chagua "Repair" na upake juu yake. Sehemu iliyofutika itarudi, kwani picha ya awali bado ipo humo.

Gusa "Done". Utaulizwa kiwango cha ulaini wa ukingo, "Smooth", kuanzia 0 hadi 5. Kwa ukindu chagua 1 au 2. Ukipanda zaidi, nyuzi ndogo zinazochomoza kwenye msuko zinafifia na kikapu kinaonekana kama cha plastiki. Kisha gusa "Save". Faili linahifadhiwa kama PNG.

Hapa ndipo weusi unapoingia. PNG inahifadhi rangi ya kila nukta pamoja na kiwango chake cha uwazi. JPG haina mahali pa kuuandika uwazi, kwa hiyo picha ikigeuzwa kuwa JPG sehemu tupu lazima ipewe rangi, mara nyingi nyeusi au nyeupe. WhatsApp ikitumiwa picha kwa njia ya kawaida inaibana na kuigeuza kuwa JPG. Kuchagua HD hakusaidii, kunaongeza ukubwa tu. Gusa alama ya kuambatisha, chagua "Document", kisha tafuta lile faili lenye jina linaloishia na `.png`. Likitumwa hivyo linafika lilivyo. Barua pepe nayo inafaa.

Usipige skrinishoti ya kile kikapu chenye vimraba, maana hapo vimraba vinakuwa sehemu ya picha na fundi atavikuta vimeganda. Kubadilisha jina la faili kutoka `.jpg` kuwa `.png` nako hakurudishi uwazi uliokwisha kupotea.

Ukilifungua faili kwenye galari unaweza kuona nyuma nyeusi hata kama liko sawa, kwa sababu galari yenyewe inapaka rangi yake chini ya sehemu tupu. Kipimo cha kweli ni kuliweka juu ya rangi. Fungua Canva, programu ya kupangia picha na maandishi, tengeneza ukurasa, upake rangi nyekundu, kisha pandisha faili lako. Ukiona nyekundu inapita hadi ndani ya duara la mkono, uwazi upo. Uzi wa bluu kuzunguka kikapu ni mabaki ya shuka. Rudi kwenye "Manual" ukaupunguze. Canva itumie kupimia tu. Kule, kupakua faili lenye uwazi ni huduma ya kulipia, na ukipakua kwa akaunti ya bure ukurasa unatoka na rangi yake. Fundi mpelekee faili lililotoka Background Eraser, si hilo la Canva.