RAM na zile namba 22-22-22

"RAM yangu ni DDR4 3200, 22-22-22. Nimezishusha ziwe 16 kwenye BIOS, mbona haiwaki?"

Kaka, hizo ni hesabu za mapigo ya saa ambayo RAM husubiri kusoma safuwima, kufungua safumlalo na kuifunga, ila chipu inadai muda halisi. Kwa 3200 pigo moja ni nanosekunde 0.625, hivyo 22 ni 13.75, na 16 ni 10 tu. Safumlalo ikifunguliwa, chaji ndogo ya seli humwagika kwenye waya na lazima ikuzwe kabla safuwima haijasomwa. Kufunga nako, waya lazima urudi kwenye nusu ya volti, la sivyo safumlalo inayofuata itasomwa kimakosa. Anayesema DDR3 ya 11 ina kasi zaidi kwa kuwa namba ni ndogo kapatia nusu: kwa 1600, hizo 11 ni 13.75 zilezile. Zipo DDR4 3200 zinazohimili 16, nyingi kwa volti 1.35. Hapa Tabora kompyuta moja iliyoshushwa hivyo iliwaka vizuri tu, ila programu ya kupima RAM, MemTest86, ikajaza makosa.