Re: Mbia mpya kwa njia ya bonasi

"Duka letu la spea Barabara ya Kirinyaga: mtaji wangu 600,000, wa mwenzangu 400,000, faida nusu kwa nusu. Mbia mpya analeta 500,000 apate robo. Tuandikeje?"

Ndugu, mtaji wote utakuwa 1,500,000, na robo yake ni 375,000. Zile 125,000 anazozidisha ndizo bonasi yenu. Debiti benki 500,000. Krediti mtaji wake 375,000, kisha wako na wa mwenzako 62,500 kila mmoja. Utafika 662,500, mwenzako 462,500.

Wengi huteleza hapa: hugawa bonasi kwa uwiano wa mitaji, ilhali inafuata uwiano wenu wa zamani wa faida. Kosa hilo jumla hailifichui, maana 1,500,000 itatimia vilevile. Kwa njia hii ya bonasi, thamani ya jina la duka haiandikwi vitabuni.